Shajara ya mradi: kilo moja ya naitrojeni ni shilingi ngapi Lugari?

Januari 13

Kikundi chetu kimenipa kazi ya kutafuta mbolea ya bei nafuu kwa ajili ya shamba moja la mahindi hapa Lugari, Kaunti ya Kakamega, lenye ukubwa wa ekari moja na nusu. Shamba hilo limekodiwa na mama mmoja mwanachama wetu kwa msimu wa mvua za masika, na ameomba hesabu ifanywe kabla hajatoa pesa. Nimechagua shamba hili moja badala ya kutoa ushauri wa jumla kwa wanachama wote, kwa sababu jibu linabadilika kulingana na zao, udongo na umbali, na sitaki hesabu ya mtu mmoja igeuke kuwa sheria kwa wengine.

Jambo la kwanza ni kukubaliana tunanunua nini. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 hauna kilo 50 za chakula cha mmea. Namba zilizochapishwa mbele ya mfuko ni asilimia za uzito: ya kwanza ni naitrojeni, ya pili ni fosfeti inayoandikwa P2O5, ya tatu ni potasi inayoandikwa K2O. Urea ni 46-0-0, maana yake kila kilo 100 zina kilo 46 za naitrojeni, na hivyo mfuko mmoja una kilo 23. CAN inayouzwa hapa kwetu imeandikwa asilimia 26, kwa hiyo mfuko wake una kilo 13 tu. Kinachobaki ndani ya mfuko si uchafu, bali ni sehemu ya kemikali inayobeba kirutubisho hicho, na kwa upande wa CAN ni mawe ya chokaa yaliyosagwa. Hata hivyo tunachokilipia kwa ajili ya mahindi ni zile kilo 23 au zile kilo 13, na bei inayofaa kulinganishwa ni ya hizo.

Mwenyekiti wetu, ambaye ni mzee aliyelima mahindi tangu kabla sijazaliwa, alisema kwenye kikao, "Katibu, mimi hununua CAN kwa sababu mfuko wake una bei ya chini." Nilimjibu, "Ni kweli mzee, mfuko ni wa bei ya chini, lakini naomba nikuletee bei ya kilichomo." Alikubali, na akaongeza kwamba nisisahau bei ya boda boda.

Januari 17

Nimezunguka kwenye maduka ya agroveti na kuandika bei za mifuko ya kilo 50. Hizi ni bei za rafu za siku hiyo, bila ruzuku, na msomaji aliye mahali pengine aweke za kwake. Urea ni shilingi 3,900. CAN ni 3,400. DAP, ambayo ni 18-46-0, ni 6,200. TSP, yaani 0-46-0, ni 5,300. NPK 23-23-0 ni 5,000. Ipo pia 17-17-17, lakini nitaeleza baadaye kwa nini sikuiendeleza.

Kwa mbolea zenye kirutubisho kimoja hesabu ni ya mstari mmoja: gawanya bei ya mfuko kwa kilo za kirutubisho zilizomo. Urea ni 3,900 kugawanywa kwa 23, sawa na karibu shilingi 170 kwa kilo ya naitrojeni. CAN ni 3,400 kugawanywa kwa 13, sawa na karibu shilingi 262. Mfuko wa CAN una bei ya chini kwa shilingi 500, lakini naitrojeni yake ni ghali zaidi ya ile ya urea kwa zaidi ya nusu. TSP ni 5,300 kugawanywa kwa 23, sawa na karibu shilingi 230 kwa kilo ya fosfeti.

Nilipita pia kwenye rafu ya mbolea za majani, zile za kunyunyiza, kwa sababu mwanachama mmoja alisisitiza kwamba ni rahisi. Chupa ya lita moja ilikuwa shilingi 800, na lebo ilionyesha asilimia 20 ya naitrojeni. Hata tukisema lita hiyo ina uzito wa kilo 1.2, naitrojeni iliyomo ni gramu 240, na kilo moja kwa njia hiyo ingegharimu zaidi ya shilingi 3,300. Chupa hizo zina kazi yake pale zao linapokosa madini kidogo kama zinki, lakini kama chanzo cha naitrojeni kwa mahindi sioni sababu ya kuzirudia katika shajara hii.

Ununuzi wa kupima kwa kilo au kwa gorogoro nao unahitaji jicho. Duka moja liliuza urea kwa shilingi 90 kwa kilo, ambayo ni karibu shilingi 196 kwa kilo ya naitrojeni. Ni ghali kuliko mfuko mzima, ingawa bado iko chini ya CAN ya mfuko. Gorogoro ni hatari zaidi, kwa sababu ni kipimo cha ujazo wala si cha uzito. Urea ni nyepesi, DAP na CAN ni nzito, kwa hiyo mkebe uleule ukijazwa hadi ukingoni hautoi kilo zilezile. Anayenunua kwa gorogoro akadai ameshika bei ya kilo hajui hasa alichoshika, mpaka apime kwa mizani.

Januari 22

Leo nimeshughulikia kiasi kinachohitajika. Majibu ya udongo wa shamba hili yanaonyesha pH 5.2, potasi ya kutosha, fosforasi kidogo na naitrojeni kidogo. Potasi ikiwa inatosha, kuilipia ndani ya 17-17-17 ni kununua kitu ambacho mahindi ya msimu huu hayatakitumia, na ndiyo sababu nimeiweka kando. Mwenye shamba ambalo potasi imepungua atafanya hesabu tofauti, na asinifuate katika hilo.

Kiwango tulichokubaliana ni kile kinachotumika sana kwa mahindi ya mkulima mdogo nchini: kilo 60 za naitrojeni na kilo 60 za fosfeti kwa hekta. Hapa pana mtego ambao umewakwaza watu wengi. Karatasi nyingine za ushauri zinaandika kilo 26 za P, yaani fosforasi yenyewe, wakati mfuko unaandika P2O5, yaani fosforasi pamoja na oksijeni yake. Ili kutoka kwenye P kwenda kwenye P2O5 unazidisha kwa 2.29, na 26 mara 2.29 ni karibu 60. Ni kiasi kilekile kilichoandikwa kwa namna mbili. Anayesoma 26 kwenye karatasi na kuilinganisha moja kwa moja na 46 ya mfuko ataweka chini ya nusu ya kinachotakiwa, na mahindi yake yatamwonyesha kwa majani ya rangi ya zambarau yakiwa bado machanga.

Kwa ekari, kilo 60 kwa hekta ni takriban kilo 24. Ekari moja na nusu inahitaji kilo 36 za naitrojeni na kilo 36 za fosfeti. Fosfeti yote huwekwa wakati wa kupanda, kwa sababu haitembei mbali udongoni na mizizi michanga ndiyo inayoihitaji karibu. Naitrojeni hugawanywa: kidogo wakati wa kupanda, iliyobaki wakati mahindi yamefika magotini, kwa kuwa mvua zetu za Aprili huweza kuiosha ikashuka chini ya mizizi kabla mmea haujawa na nguvu ya kuichukua.

Januari 28

Sehemu iliyonichukua muda ni mbolea zenye virutubisho viwili. Mtu akiuliza bei ya kilo ya fosfeti ndani ya DAP, hawezi kugawanya 6,200 kwa 23 na kuishia hapo, kwa sababu atakuwa ameifanya naitrojeni iliyomo kuwa ya bure. Wala hawezi kujumlisha kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti, akapata 32, akagawanya. Hapo atakuwa amesema kwamba kilo ya naitrojeni na kilo ya fosfeti ni bidhaa moja, ilhali sokoni zina bei tofauti. Njia ninayoiona kuwa sahihi ni kuondoa kwanza thamani ya naitrojeni kwa bei ambayo mkulima angeinunua kwingine, kisha kinachobaki kugawanywa kwa fosfeti.

Kwa DAP, kilo 9 za naitrojeni kwa bei ya urea, shilingi 170, ni shilingi 1,530. Ukiondoa kwenye 6,200 zinabaki 4,670, na ukigawanya kwa 23 unapata karibu shilingi 203 kwa kilo ya fosfeti. Kwa 23-23-0, mfuko una kilo 11.5 za kila kirutubisho. Naitrojeni yake ni shilingi 1,955, zinabaki 3,045, na fosfeti inakuwa karibu shilingi 265. TSP ilikuwa 230. Kwa hiyo mpangilio ni DAP kwanza, TSP ya pili, 23-23-0 ya mwisho, ijapokuwa mfuko wa 23-23-0 ndio wenye bei ya chini kuliko yote mitatu.

Nilipomwonyesha mwenyekiti, aliuliza swali zuri: "Na kama mimi situmii urea kabisa, nikitumia CAN tu?" Swali hilo linabadilisha hesabu. Ikiwa naitrojeni ya mkulima hutoka kwenye CAN kwa shilingi 262, basi zile kilo 9 ndani ya DAP zinamwokolea shilingi 2,358, na fosfeti ya DAP inashuka hadi karibu 167. Ile ya 23-23-0 inashuka hadi karibu 173, na kwa mtu huyo inakuwa nafuu kuliko TSP. Hakuna udanganyifu wowote hapo. Naitrojeni iliyomo ndani ya mfuko wa mchanganyiko ina thamani ya kile inachokuondolea kununua, basi. Lakini muuzaji anayetaka kuuza mchanganyiko anaweza kuchagua bei ya rejea inayompendeza, kwa hiyo ni vizuri kumwuliza amehesabu naitrojeni kwa bei ya mbolea gani.

Kati ya DAP na TSP ipo njia fupi zaidi, inayofaa hata kwa mtu asiyependa kalamu. Mifuko yote miwili ina fosfeti kilo 23. Tofauti ya bei ni shilingi 900, na kwa hizo 900 DAP inakuongezea kilo 9 za naitrojeni, yaani shilingi 100 kwa kilo. Kama naitrojeni unaihitaji na kwingine ingekugharimu zaidi ya 100, chukua DAP. Kama huihitaji, kwa mfano umepanda maharagwe peke yake ambayo hujitengenezea sehemu ya naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini, ile 900 imepotea, na TSP ndiyo nafuu. Shamba hili ni la mahindi, kwa hiyo DAP imeshinda.

Februari 4

Leo nimeandika mipango mizima kwa ekari moja na nusu, kwa sababu mkulima hanunui kilo za virutubisho bali mifuko, na mifuko haigawanyiki anavyotaka. Mfuko wa kilo 25 wa DAP ni shilingi 3,200, ambayo ni zaidi ya nusu ya mfuko mkubwa, na wa CAN ni 1,800.

Mpango wa kwanza ni DAP kilo 75 wakati wa kupanda na urea mfuko mmoja wakati wa kukuzia. DAP inaleta kilo 34.5 za fosfeti, pungufu kidogo ya 36, na kilo 13.5 za naitrojeni. Urea inaongeza 23, jumla 36.5. Gharama ni 9,400 za DAP na 3,900 za urea, sawa na shilingi 13,300. Mpango wa pili unaweka CAN mahali pa urea. Ili kuziba kilo 22.5 za naitrojeni zinazobaki, inahitajika CAN kilo 87 hivi: mfuko mmoja mkubwa, mmoja wa kilo 25, na kilo 12 za kupimiwa kwa shilingi 75 kila moja. Hizo ni shilingi 6,100, na mpango mzima unafika 15,500.

Mpango wa tatu ni mifuko mitatu ya 23-23-0 kwa shilingi 15,000. Kwenye karatasi unafikisha kilo 34.5 za kila kirutubisho, lakini naitrojeni yote inaingia siku ya kupanda na hakuna kinachobaki cha kukuzia. Ukiipunguza ili ubakize nafasi ya kukuzia, fosfeti nayo inapungua. Mchanganyiko wenye uwiano wa moja kwa moja unamfunga mkulima kwenye uwiano huo siku hiyohiyo, na kasoro hiyo haionekani kwenye bei ya kilo.

Usafiri wa boda boda kutoka dukani ni shilingi 150 kwa mfuko, bila kujali kilichomo. Kwa urea hiyo ni karibu shilingi 6.50 kwa kilo ya naitrojeni, kwa CAN ni 11.50. Kadiri shamba linavyokuwa mbali na barabara, ndivyo mbolea yenye virutubisho vingi ndani ya uzito mdogo inavyozidi kufaa.

Februari 11

Nimerudi kwenye ushindani wa urea na CAN, kwa kuwa ndiko wakulima wengi wanakosita, na kusita kwao kuna sababu. Urea ikimwagwa juu ya udongo wenye joto na unyevu kidogo, hubadilika kuwa amonia na sehemu yake huondoka hewani. Katika CAN nusu ya naitrojeni ni naitreti, ambayo haipotei kwa njia hiyo. Je, urea ingepaswa kupoteza kiasi gani ili faida yake iishe? Kwa bei za rafu, 170 ni kama asilimia 65 ya 262, kwa hiyo ingepaswa kupoteza asilimia 35 zaidi ya CAN ndipo zilingane. Upotevu wa ukubwa huo unawezekana kwa mbolea iliyoachwa wazi wakati wa jua bila mvua, lakini haupaswi kutokea ikifukiwa sentimita tano au zaidi, au mvua nzuri ikinyesha muda mfupi baada ya kuiweka.

Kufukia nako kuna gharama. Kwa shamba hili tumekadiria vibarua wawili zaidi kwa shilingi 400 kila mmoja. Shilingi 800 zikigawanywa kwa kilo 23 ni karibu 35 kwa kilo.

Gharama ya mwisho ni tindikali. Naitrojeni ya urea, inapobadilishwa na vijidudu vya udongo, huacha tindikali. Kadirio la kawaida ni kwamba kilo moja ya naitrojeni ya urea huhitaji takriban kilo 1.8 za chokaa safi kuiondoa. CAN ina chokaa yake ndani na athari yake ni ndogo sana. Chokaa ya kilimo tuliyoulizia ni shilingi 400 kwa mfuko wa kilo 50, yaani shilingi 8 kwa kilo, hivyo deni la urea ni karibu shilingi 14 kwa kilo ya naitrojeni. Watu husema hapa kwamba urea na DAP "zinaua udongo", na kwenye udongo wa pH 5.2 hofu hiyo si ya kupuuzwa, lakini mtu akiipa bei anaona kwamba deni hilo ni dogo kuliko tofauti ya bei ya mifuko. Tatizo ni kwamba deni hilo halilipwi dukani, kwa hiyo wengi hawalilipi kabisa.

Hapa mama aliyekodi shamba aliniuliza, "Katibu, nitatia chokaa shamba la mtu mwingine, halafu msimu ujao alilime yeye?" Ni hoja ya haki, kwa sababu chokaa hufanya kazi kwa misimu kadhaa. Nimeiacha shilingi 14 kwenye hesabu hata hivyo, kwa kuwa tindikali itabaki udongoni awe amelipa au hajalipa, na nimemshauri aizungumze na mwenye shamba pamoja na kodi. Kwa DAP, deni kama hilo linakadiriwa kuwa mara mbili kwa kila kilo ya naitrojeni, lakini likigawanywa kwa fosfeti ya mfuko linaongeza karibu shilingi 11 tu, na DAP inabaki chini ya TSP.

Nikijumlisha kila kitu, kilo ya naitrojeni ya urea iliyofika shambani, ikafukiwa na deni lake la chokaa likahesabiwa, ni shilingi 226. Ya CAN, pamoja na usafiri, ni 273.

Februari 19

Mbolea ya ruzuku imeulizwa na kila mtu. Agosti 2023 serikali ilishusha bei ya mfuko wa ruzuku kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500. Mgao huenda kulingana na ekari zilizosajiliwa, na mama huyu amesajili shamba la nyumbani peke yake, kwa hiyo ekari hii ya kukodi haimo. Hata hivyo nilimfanyia hesabu ya shamba la nyumbani, kwa sababu bei moja kwa mifuko yote huzaa jambo la kuvutia. Kwa shilingi 2,500, naitrojeni ya urea ni shilingi 109 kwa kilo na ya CAN ni 192. Fosfeti ya DAP, baada ya kuondoa naitrojeni yake kwa 109, ni shilingi 66, wakati ya 23-23-0 ni 109. Mifuko ikiwa na bei moja, mfuko wenye virutubisho vingi zaidi unaohitajika ndio nafuu, na ruzuku kubwa zaidi imo ndani yake. Akiwa na ruhusa ya mifuko miwili na ghala lina DAP na urea, asichukue kingine. Ghala likiwa na 23-23-0 peke yake, aichukue bila kusita, kwa sababu hata hiyo iko chini sana ya DAP ya dukani.

Machi 6

DAP imenunuliwa, mfuko mkubwa na mdogo. Hesabu yote ya nyuma inasimama juu ya imani kwamba kilichoandikwa kwenye lebo ndicho kilichomo, na baada ya sakata la mbolea bandia la mwaka 2024 ndani ya mpango wa ruzuku hatukutaka kuamini tu. Tulikagua alama ya Shirika la Viwango na mshono wa mfuko, kisha tukapima uzito kwa mizani ya kikundi. Mfuko uliopungukiwa na kilo mbili hupandisha bei ya kirutubisho kwa asilimia 4 bila bei ya dukani kuguswa. Mifuko yetu ilikuwa sawa.

Tulichukua pia kijiko cha mbolea tukakitia kwenye glasi ya maji na kukoroga. DAP huyeyuka karibu yote, ikiacha mashapo kidogo. Mchanga au vikokoto vikibaki chini, kuna kasoro. Kijiko kingine kikichanganywa na chokaa ya kupakia ukuta na maji kidogo hutoa harufu kali ya amonia inayochoma pua, na hiyo ni dalili kwamba naitrojeni ya amonia imo. Urea nayo huyeyuka yote na maji huwa baridi mkononi. CAN huacha ukungu na mashapo kwa sababu ya mawe ya chokaa yaliyomo, kwa hiyo asije mtu akaikataa kwa sababu hiyo. Vipimo hivi vinatambua udanganyifu wa wazi tu. Haviwezi kusema kama fosfeti ni asilimia 46 au 38. Hilo ni la maabara, na kwa mifuko miwili gharama ya maabara ingemeza akiba yote. Kikundi kikinunua pamoja mzigo mkubwa, ada ya kipimo kimoja itakuwa ndogo kwa kila mfuko, na nimependekeza hivyo kwa msimu ujao.

Mei 2

Mahindi yanakaribia magotini na pesa ya kukuzia imepatikana, lakini bei zimebadilika. Urea imepanda hadi shilingi 4,600 na CAN imebaki 3,400. Naitrojeni ya urea dukani sasa ni shilingi 200 kwa kilo. Ukiongeza usafiri 6.50, kufukia 35 na chokaa 14, inafika karibu 256, dhidi ya 273 za CAN. Tofauti iliyokuwa shilingi 47 kwa kilo imekuwa 17, ambayo kwa kilo 23 ni karibu shilingi 400 kwa shamba zima. CAN ingelazimisha tena kununua vipande kwa bei ya juu, jambo linaloongeza shilingi 200 hivi upande wake.

Mvua haijanyesha vizuri kwa siku kadhaa. Kwa tofauti ndogo kama hii, urea ikipoteza hata asilimia 7 zaidi ya CAN faida inaisha, kwa hiyo kufukia si hiari tena. Mwenyekiti alisema yeye angechukua CAN ili alale usingizi, na safari hii sikuwa na hesabu ya kumpinga kwa nguvu. Mama mwenye mahindi alichagua urea, kwa kuwa watoto wake wako likizo na watafukia, na hivyo zile shilingi 35 za vibarua kwake hazitoki mfukoni. Makubaliano ni kwamba haiwekwi mpaka udongo ulowe, kila shina lipate shimo dogo sentimita kumi kutoka kwake, na shimo lizibwe papo hapo kwa udongo.

Kwa wanachama watakaolipa vibarua nimeandika mpaka wa bei kwenye daftari la kikundi. CAN ikiwa 3,400 na usafiri na vibarua vikiwa kama vyetu, urea inabaki nafuu hadi mfuko ufike karibu shilingi 5,000. Ukipita hapo, wanunue CAN. CAN nayo ikipanda au kushuka kwa shilingi 100, mpaka huo unasogea kwa karibu 177 kuelekea upande uleule, kwa sababu mfuko wa urea unabeba naitrojeni 23 pale CAN inapobeba 13.